Nililipwa, Nikaandika Kweli, na Bado Nikapotosha

Msomaji, kwa kawaida hapa tunachukua andiko la mtu mwingine kuhusu sayansi na kulipima sentensi kwa sentensi. Leo nahakiki andiko langu mwenyewe. Nililiandika kwa malipo, ndani yake hakuna namba hata moja ya uongo, juu yake kuna maneno yanayosema kwamba kuna mtu alihusika, na pamoja na hayo yote limempotosha mtu ninayemjua vizuri kuliko wasomaji wangu wote: kaka yangu.

Kaka anaishi Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, na riziki yake inatokana na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Nilipoenda nyumbani likizo nikakuta kifaa nilichokuwa nimekiandikia kipo jikoni kwake, kando ya mafiga ya wifi, na watoto wanapita hapo kila saa. Nikamwuliza kwa nini anachomea humu ndani. Akacheka. "Mdogo wangu, si wewe uliyeandika kwamba kinafaa hata nyumbani?"

Ni kweli, sentensi hiyo ilikuwemo. Nikamwuliza kama aliona kwamba nililipwa. Akasema, "Ulilipwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kulisoma upya andiko langu kama ninavyosoma ya wengine.

Kwanza nikueleze kifaa chenyewe, maana bila hicho hutaona kosa liko wapi. Mawe yenye dhahabu husagwa karashani mpaka yawe unga. Unga unaoshwa kwa maji kwenye mwalo uliotandikwa magunia au mataulo, na mchanga mzito unaobaki hutiwa kwenye beseni na kuchanganywa na zebaki. Zebaki inashika chembe za dhahabu na kuziunganisha, ukikamua kwa kitambaa unapata donge la rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wa donge hilo ni zebaki. Ili ubaki na dhahabu unalichoma. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za selsiasi, inageuka mvuke, inapaa. Mvuke huo hauna harufu wala rangi, na anayeuvuta mara kwa mara huathirika mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, kumbukumbu inapungua.

Kifaa ambacho wachimbaji wengine hukiita ritoti ni chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba. Unaweka donge ndani, unafunga, unawasha moto. Mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, unarudi kuwa kimiminika, unadondokea kwenye chombo. Zebaki hiyo unaweza kuitumia tena. Ni kifaa kizuri. Nilikisifu na leo pia nakisifu. Shida haiko kwenye chuma.

Muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu kosa ninalohakiki ni langu, alinitafuta kwa kuwa utafiti wangu unahusu madini mazito kwenye maji. Alinipa shilingi laki tatu na kifaa kimoja, nimwandikie makala ya maneno mia nane. Tukakubaliana kwamba ataisoma kabla haijatoka, "kuangalia tu kama mambo ya kiufundi yako sawa." Makala ikatoka, juu kabisa, chini ya picha, kwa herufi ndogo ikaandikwa: "Kwa ushirikiano na wadau wetu."

Sasa tuichukue sentensi iliyobeba makala nzima. Niliandika: "Kifaa hiki hurudisha hadi asilimia 95 ya zebaki." Hii ni kweli. Ritoti iliyotengenezwa vizuri na kutumiwa inavyotakiwa inaweza kufikia hapo. Lakini nikuulize, asilimia 95 ya nini?

Tuhesabu pamoja. Chukua mchimbaji anayepata gramu 10 za dhahabu kwa njia niliyoieleza, anayechanganya zebaki na ule mchanga mzito tu. Tuseme ametumia gramu 13 za zebaki. Gramu 10 zimeingia kwenye donge. Gramu 3 zimevunjikavunjika kuwa vitone vidogo na kuondoka na maji na mchanga, yaani zimeingia kwenye marudio. Ritoti inashughulika na zile 10 tu. Ikirudisha asilimia 95 yake, ameokoa gramu 9.5. Katika gramu zote 13 hiyo ni asilimia 73. Bado ni kazi nzuri.

Sasa chukua mwingine ambaye anamwaga zebaki kwenye unga wote wa mawe, bila kuuosha kwanza. Tuseme kwa gramu zilezile 10 za dhahabu ametumia gramu 50 za zebaki. Donge lake lina gramu 10 vilevile, kwa sababu dhahabu ni ileile. Gramu 40 zimekwenda na marudio. Ritoti yake, ileile, yenye ubora uleule, inamrudishia gramu 9.5. Hiyo ni asilimia 19 ya zebaki aliyotumia.

Kifaa kimoja, ukweli mmoja, lakini kwa mtu wa kwanza ni karibu robo tatu na kwa wa pili hakifiki hata robo. Msomaji aliyeona "asilimia 95 ya zebaki" anaelewa kwamba tatizo la zebaki limekwisha. Angekuwa sahihi kuelewa hivyo, kwa sababu ndivyo sentensi inavyosomeka.

Na mimi nilijua. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na aya iliyoeleza marudio, pamoja na mfano wa hesabu. Muuzaji aliisoma, akasifia, halafu akaandika: hii aya inarefusha, wasomaji watachoka, tuifupishe. Tukaifupisha mpaka ikaisha. Hakuniomba niseme uongo hata mara moja. Angeniomba ningekataa na ningejiona shujaa. Alichoomba ni kitu chepesi zaidi, ninyamaze mahali fulani, na kwa kuwa sababu aliyotoa ilikuwa ya uandishi na si ya biashara, nikaona ananisaidia.

Hili ndilo jambo ninalotaka ubaki nalo. Ukisoma andiko la kulipiwa unatafuta uongo, na mara nyingi huupati. Hela nyingi hazinunui sentensi ya uongo. Zinanunua sentensi isiyokuwepo.

Ile ya "kinafaa hata nyumbani" ilikuwa ya kwake. Aliiongeza yeye kwenye maneno yangu, katikati ya aya yangu, kwa sauti yangu. Nikaiona, nikaipitisha, nikijiambia kwamba ni lugha ya biashara na kila mtu ataitambua. Kaka yangu angeitambuaje? Haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa imekaa baina ya sentensi mbili za dada yake mwenye shahada ya uzamili.

Na sentensi hiyo inagongana na kitu kilichoandikwa wazi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Kiambatisho chake cha C kinataja vitendo ambavyo nchi zenye wachimbaji wadogo zinatakiwa zichukue hatua kuviondoa. Kimojawapo ni kuchanganya zebaki na unga wote wa mawe, yule mchimbaji wetu wa pili. Kingine ni kuchoma donge kwenye moto wa wazi, na hapo ndipo ritoti inaposaidia. Lakini kuna kingine tena kinachosimama peke yake: kuchoma donge kwenye maeneo ya makazi. Kutumia chungu kilichofungwa hakufuti hilo. Kifuniko kikilegea, au mtu akiwa na haraka akakifungua kabla hakijapoa, mvuke unatoka, na jikoni hauna pa kwenda ila kwenye mapafu ya waliomo. Hata dhahabu inayotoka humo ikiwa imeiva bado huwa na mabaki ya zebaki, ambayo yatatoka mnunuzi atakapoiyeyusha dukani kwake mjini.

Utaniambia, lakini uliweka tamko, uliandika "kwa ushirikiano na wadau wetu." Nalo tulipime.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Wojdynski na Evans, walichapisha majaribio juu ya jambo hili hasa. Waliwapa watu ukurasa unaofanana na wa habari, ndani yake makala ambayo kwa kweli ni tangazo, na wakabadilisha mambo mawili: tamko limekaa wapi, na limetumia maneno gani. Baadaye wakawauliza kama walichosoma kilikuwa tangazo. Waliotambua walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Na katika hao wachache kulikuwa na tofauti: maneno ya moja kwa moja, yanayosema kwamba hili ni tangazo au limedhaminiwa, yalitambulika zaidi kuliko maneno ya kuzungukazunguka. La kushangaza ni kwamba tamko lililowekwa katikati ya maandishi lilionekana na wengi kuliko lililowekwa juu kabisa. Macho yakishafika kwenye ukurasa huruka juu na kushuka moja kwa moja kwenye habari.

Linganisha na langu. Nililiweka juu kabisa, kwa herufi ndogo, na maneno "ushirikiano" na "wadau" ambayo kwetu yanatumika hata kwenye semina ya upandaji miti. Wadau ni nani? Hata mimi ni mdau. Ukitaka kuficha malipo bila kuyaficha, huna neno zuri zaidi ya hilo. Yule aliyeliandika, yaani mimi, alikuwa anajikinga asilaumiwe. Hakuwa anamwambia msomaji kitu.

Hata tamko likiwa safi kuna mtego mwingine, na huu ndio ulionitisha zaidi. Mwaka 2005 Cain, Loewenstein na Moore walichapisha jaribio la kopo la sarafu. Mtu mmoja alitakiwa akadirie thamani ya sarafu zilizomo, lakini alilitazama kopo kwa mbali na kwa muda mfupi. Mshauri alilitazama kwa karibu na kumpa ushauri. Baadhi ya washauri walikuwa wanalipwa zaidi kadiri mkadiriaji alivyotaja kiasi kikubwa, yaani walikuwa na sababu ya kumdanganya. Katika kundi moja mkadiriaji aliambiwa wazi jinsi mshauri anavyolipwa. Ungetegemea ajihadhari, na kweli alipunguza kidogo. Ila washauri nao, wakijua siri imeshawekwa wazi, walipandisha makadirio yao kuliko wale ambao malipo yao hayakutajwa. Mwishowe waliotahadharishwa walikosea zaidi kuliko wasiotahadharishwa.

Niliposoma hayo nilijiona. Tamko lilinipa ruhusa. Kila nilipopitisha neno la muuzaji, moyoni nilikuwa nasema si nimeshawaambia watu kwamba kuna mdau? Tamko likageuka kuwa cheti cha kuniondolea wajibu.

Katika ulimwengu wa waandishi wa sayansi kuna kisa kinachojulikana sana cha Julai 2010. Tovuti ya ScienceBlogs ilikuwa imekusanya wanasayansi wengi wanaoandika kwa hiari yao, kila mmoja na safu yake. Ikafungua safu nyingine iitwayo Food Frontiers, kuhusu lishe, ambayo ilikuwa imelipiwa na kampuni ya PepsiCo. Waandishi waliposhtuka, wenye tovuti waliongeza alama za kuonyesha kwamba ile ni ya kulipiwa. Haikutosha. Waandishi kadhaa wakaondoka, na ndani ya siku chache safu ikafutwa. Walichokuwa wanalalamikia si kwamba matangazo yapo, maana pembeni mwa kurasa zao matangazo yalikuwepo siku zote na hakuna aliyegoma. Walilalamika kwamba tangazo limevaa nguo zao: umbo lilelile, mahali palepale, chini ya jina lilelile walilolijenga wao. Alama iliyokuja baadaye haikuweza kuvua nguo hizo.

Kwangu nguo hizo zilikuwa jina langu. Muuzaji hakuhitaji maneno mia nane. Maneno angeyaandika mwenyewe, na angeyaandika vizuri kuliko mimi. Alichonunua ni ile hali ya kaka kusema "si wewe uliyeandika?"

Basi makala ile ingeandikwaje? Sisemi isingeandikwa. Mtafiti mwanafunzi anahitaji hela, na wachimbaji wanahitaji kujua kwamba kifaa hiki kipo. Nimeiandika upya, na haya ndiyo mabadiliko.

Sentensi ya kwanza ya makala yenyewe, si juu yake wala chini ya picha, sasa inasomeka hivi: "Hili ni tangazo la kulipiwa. Muuzaji wa kifaa hiki amenilipa shilingi laki tatu na kunipa kifaa kimoja. Ameisoma makala kabla haijatoka na aliruhusiwa kusahihisha ukweli, hakuruhusiwa kufuta kitu." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda mrefu, na naamini ndiyo yenye kazi. Kujua nani amelipa hakukuambii mengi, unahitaji kujua alikuwa na mamlaka gani juu ya maneno. Tena ukishaiandika, inakubidi uiishi. Ilinibidi nikubaliane hivyo na muuzaji kwa maandishi kabla ya hela kuingia. Baada ya hela kuingia, kila ombi la kufupisha linasikika kama busara.

Pili, tamko linarudi mara moja tena, katikati, mahali ambapo namba ya asilimia 95 inatajwa, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapoamua kununua. Namba yenyewe imepewa mwenyewe na mpaka wake: "Muuzaji anasema kifaa kinarudisha hadi asilimia 95. Hiyo ni ya zebaki iliyomo kwenye donge, haihusu ile iliyokwenda na marudio." Baada ya hapo inakuja hesabu ya wale wachimbaji wawili.

Tatu, sauti mbili zimetenganishwa. Anachodai muuzaji kimewekwa kwenye fremu yenye rangi tofauti, kwa jina la biashara yake, naye anaruhusiwa kusifu bidhaa yake apendavyo kama muuzaji yeyote sokoni. Ninachosema mimi kiko nje ya fremu, na ni kile tu ambacho ningekisema hata bila kulipwa. "Kinafaa hata nyumbani" hakikuingia hata kwenye fremu, kwa sababu madai yenye hatari hayawi salama kwa kuhamishiwa kwa mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kupotosha wateja, na ukurasa unaochapisha upotoshaji huo hauwezi kusema ulikuwa umesinzia.

Nne, nilimsomea kaka. Sikumwuliza kama imekaa vizuri, maana angesema imekaa vizuri. Nilimwuliza maswali matatu: nani amelipa, kifaa kinaokoa zebaki ipi, na utachomea wapi. La kwanza alijibu mara moja. La pili aliniomba nirudie hesabu, nikagundua aya yangu ilikuwa ngumu, nikaiandika upya kwa gramu badala ya asilimia. La tatu hakulijibu kwa maneno. Alinyanyuka, akakichukua kile chungu, akaenda kukiweka kwenye kibanda cha nyuma karibu na mwembe. Wifi akasema hata pale ni karibu. Ana haki. Kibanda kile bado kiko ndani ya makazi, na wanakitafutia sehemu huko karashani.

Nilimpelekea muuzaji toleo jipya, nikamwambia la zamani naliondoa na hela yake nairudisha asipolitaka. Hakulitaka. Alisema halisomeki kama tangazo. Nimerudishia laki mbili, laki moja iliyobaki nimeahidi mwisho wa mwezi ujao, na kifaa nimelipia kwa kuwa kaka anakitumia.

Kwa hiyo, msomaji, makala unayosoma sasa haijalipiwa na mtu yeyote, ila ina deni la shilingi laki moja ndani yake. Nimeona ulijue hilo pia kabla hujaamua kuniamini. Ukinikuta siku nyingine nimesifu kitu, hapa au kwingine, usiishie kuuliza kama nimelipwa. Niulize nilikuwa nimeandika nini zaidi, na nani alikifuta.